Mto Tana uliposimama ndani ya kompyuta

Nimekaa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo nataka kuwalipa kwa kisa kimoja kilichonikosesha usingizi. Kinahusu kujumlisha. Ndiyo, kujumlisha kule kule tulikofundishwa darasa la kwanza kwa vijiti na mawe. Kompyuta yangu ilishindwa, na nusura kushindwa kwake kuniletee aibu kubwa huko Garsen.

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kuandika programu ya kisanduku kidogo kilichofungwa kando ya Mto Tana, si mbali na daraja la Garsen. Wale ambao hawajafika huko, Garsen iko kwenye barabara ya Malindi kwenda Lamu, pale ambapo mto unaanza kutawanyika na kuwa delta kabla ya kuingia Bahari ya Hindi huko Kipini. Wapokomo wanalima kando yake mpunga, ndizi na maembe. Waorma na Wardei wanaleta mifugo yao kunywa maji na kulisha wakati wa kiangazi. Huko juu, maji hayo hayo yanapitia mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa hiyo swali la maji kiasi gani yamefika Garsen si swali la kitaalamu tu. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 zaidi ya watu mia moja walipoteza maisha katika mapigano ya delta hii, na ugomvi wa ardhi, malisho na maji ulikuwa ndani yake. Namba ya mto ikikosewa hapa, kuna mtu atainyanyua mkutanoni.

Kisanduku chenyewe kilikuwa rahisi. Kihisi kinapima kina cha maji. Programu inageuza kina kuwa mtiririko, yaani mita za ujazo ngapi zinapita kwa sekunde, kwa kutumia jedwali lililotengenezwa na wapimaji wa mto. Kwa kuwa tulipima kila sekunde, mtiririko wa 150 ulimaanisha kuongeza 150 kwenye jumla. Mara moja kwa siku, saa sita mchana, kisanduku kilituma vitu viwili kwa laini ya simu: kina cha wakati huo, na jumla ya maji tangu Januari mosi. Ili kubana gharama ya data, kila namba ilikuwa baiti 4 tu. Ndani ya programu niliandika hivi, bila wasiwasi wowote:

```c
float jumla = 0.0f;
/* kila sekunde: */
jumla = jumla + mtiririko;
```

Mstari mmoja. Niliujaribu kwa siku mbili mezani, ukafanya kazi vizuri, nikaenda Garsen, tukafunga kisanduku, nikarudi nyumbani.

Simu ya mwezi wa tisa

Mwezi wa tisa kijana aliyekuwa akikitunza kisanduku akanipigia. "Kaka, hii mashine yako inasema mto umesimama."

Nikamwambia pengine kihisi kimezama kwenye tope. Akasema hapana, kina kinabadilika kila siku kama kawaida, ila ile jumla ndiyo haisogei. Nikafungua seva. Kweli. Tangu mwisho wa Agosti, kila siku kwa wiki tatu, jumla ilikuwa ile ile:

```
2913402880
```

Mtiririko katika siku hizo ulikuwa kati ya 90 na 120. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo hata tukichukua 100 tu, ni mita za ujazo 8,640,000 kwa siku. Kwa siku 21 ni zaidi ya milioni 181. Maji yote hayo yalipita chini ya daraja, yakapimwa, yakaongezwa kwenye jumla, na jumla haikutikisika hata kidogo.

Mzee mmoja mkulima alikuwa amekaa karibu na yule kijana, akaomba simu. Akaniambia, "Mwanangu, mto haujasimama. Mimi nimeuvuka asubuhi kwa mtumbwi. Lakini karatasi yenu imeshasomwa na watu, na wako wanaosema huko juu wamefunga maji." Hapo ndipo jasho lilipoanza kunitoka.

Nilivyomtafuta mchawi

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa ile ya kila mwandishi wa programu: namba kamili imefurika. Namba kamili ya biti 32 yenye alama inaishia 2,147,483,647, na jumla yangu ilikuwa imeshapita hapo. Lakini dhana hiyo haikusimama. Namba kamili ikifurika hurudi nyuma kwa kishindo. Yenye alama huwa hasi, isiyo na alama huanza tena kwenye sifuri. Yangu haikurudi nyuma wala haikuwa hasi. Ilinata tu. Isitoshe, sikutumia namba kamili. Nilitumia `float`.

Nikachukua jumla za kila siku zilizotumwa tangu mwaka uanze nikaanza kuzichezea kama mtu aliyepotewa na funguo. Nikazigawanya kwa 2, kwa 4, kwa 8. Jumla zote za tangu katikati ya Juni ziligawanyika kwa 256 bila baki. Zote! Zile za kabla yake ziligawanyika kwa 128, na za kabla yake tena kwa 64. Mto hauwezi kufanya hivyo. Mto haujui kutembea kwa hatua za 256. Kompyuta inajua.

Hebu nieleze kilichotokea, polepole, kwa sababu ndicho kiini cha makala hii.

Namba ya `float`, kwa kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, ina biti 24 za kushikilia tarakimu zake. Hiyo ni karibu tarakimu 7 za kawaida. Nukta inaweza kuelea kwenda kushoto au kulia, na ndiyo maana namba hizi zinaitwa za nukta inayoelea, lakini idadi ya tarakimu haiongezeki. Ifikirie kama rula ambayo alama zake zinaachana zaidi kadiri unavyokwenda mbali. Hadi 16,777,216 (yaani 2 kwa kipeo cha 24) kila namba kamili ina alama yake. Baada ya hapo alama zinaruka mbili mbili. Ukipita maradufu ya hapo zinaruka nne nne, kisha nane nane, na kuendelea hivyo. Ukifika 2,147,483,648 pengo kati ya alama moja na inayofuata ni 256.

Sasa ukiwa kwenye alama na unataka kusogea mbele 100, kompyuta inafanya hesabu sahihi kabisa, halafu inatafuta alama iliyo karibu zaidi na jibu. Alama uliyosimama iko nyuma kwa 100, inayofuata iko mbele kwa 156. Karibu ni ile uliyosimama. Kwa hiyo unabaki hapo hapo. Sekunde inayofuata, vivyo hivyo. Unaweza kuongeza 100 mara milioni moja na usisogee, kwa sababu kila mara kompyuta inasahau kwamba iliwahi kukukatalia.

Upande wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu hauonekani. Mtiririko ukiwa 130, alama ya mbele iko karibu kuliko ya nyuma, kwa hiyo jumla inaruka 256. Maji 130 yanahesabiwa karibu mara mbili. Kwa maneno mengine, kisanduku changu kiliyafuta maji ya kiangazi na kuyaongeza yale ya mto uliojaa kidogo. Mvua za vuli zingefika, mtiririko ungepanda juu ya 128, jumla ingeanza kutembea tena kwa mbio, na mimi ningedhani tatizo limejiponya lenyewe.

Jaribio la mezani

Niliandika programu fupi ya C kwenye kompyuta yangu. Mto wa kubuni, mtiririko 150 daima, kila sekunde, mwaka mzima. Hizo ni jumlisho 31,536,000, na kompyuta ya kawaida inazimaliza chini ya sekunde moja. Niliiambia inionyeshe jumla inaongezeka kwa kiasi gani hasa kila inapoongezwa 150. Haya ndiyo iliyotoa:

```
hadi   33554432    150
hadi  134217728    152
hadi  268435456    144
hadi  536870912    160
hadi 2147483648    128
hadi 4294967296    256
baada ya hapo        0
```

Itazame safu ya kulia kwa makini. Mto ni ule ule, 150, lakini daftari la kompyuta linaandika 152, 144, 160, 128, 256, na mwisho sifuri. Jumla inafika 4,294,967,296 baada ya siku 283 hivi, yaani tarehe 11 Oktoba, na inagoma hapo. Wakati huo jibu sahihi lilipaswa kuwa karibu 3,670,000,000, kwa hiyo kompyuta ilikuwa imezidisha kwa asilimia 17. Kisha inasimama na kuusubiri ukweli uifikie. Tarehe 28 Novemba ukweli unaifikia na kwa muda mfupi jibu ni sahihi kabisa! Mwaka unapoisha jibu sahihi ni 4,730,400,000 na kompyuta bado iko 4,294,967,296, imepunguza asilimia 9.

Hili la Novemba ndilo lililonitisha. Kama ningekagua siku hiyo pekee ningesema programu haina kasoro.

Nilijaribu pia mtiririko unaopanda na kushuka ovyo ovyo. Hapo makosa yanapingana, moja linazidisha na lingine linapunguza, na kwa muda mrefu jumla inakwenda vizuri kiasi. Ndiyo maana siku zangu mbili za majaribio hazikunionyesha kitu. Tatizo linajitokeza pale vitu vitatu vinapokutana: jumla imekuwa kubwa mno kuliko kila kinachoongezwa, vinavyoongezwa ni vingi sana, na vinafanana fanana. Mto wa kiangazi una vyote vitatu.

Dawa ya kwanza haikufanya kazi

Kila mtu niliyemuuliza aliniambia tumia `double`, yenye biti 53 badala ya 24. Ushauri mzuri. Nikabadilisha `float` kuwa `double`, nikapeleka, na jumla ikabaki imenata vile vile. Nilikuwa karibu kutupa kitu dirishani. Kumbe chipu ya kisanduku ilikuwa ya familia ya AVR, zile zile zilizomo kwenye Arduino Uno, na kwa kawaida kompaila yake inapoona `double` inatengeneza namba ya baiti 4, sawa kabisa na `float`. Jina ni kubwa, mtu ni yule yule. Kabla ya kuamini chapisha `sizeof(double)` uone kama ni 8 au 4.

Hapo ndipo nilipokumbuka njia ya kujumlisha kwa fidia.

Duka, noti na chenji

Mwaka 1965 Mkanada mmoja, William Kahan, alichapisha maelezo mafupi kwenye jarida la Komyunikeshoni la chama cha wataalamu wa kompyuta cha Marekani. Huyu ndiye baadaye aliyekuwa mhimili wa ile kanuni ya IEEE 754, na mwaka 1989 akapewa Tuzo ya Turing. Wazo lake linaeleweka na yeyote aliyewahi kununua kitu dukani.

Fikiria mwenye duka pale Garsen asiyeweza kupokea wala kutoa ila noti za shilingi 512. (Najua hakuna noti kama hiyo, nivumilieni.) Wewe unamletea maembe ya shilingi 150 kila siku. Mwenye duka mjinga anakwambia 150 ni ndogo kuliko nusu ya noti, kwa hiyo sikulipi, na kesho anakuwa amesahau. Mwenye duka mwenye daftari anasema, leo sikulipi, lakini naandika kwamba nakudai au unanidai kiasi fulani, na kesho tunaanzia hapo. Akizidisha malipo anaandika kwamba chenji iko kwako. Akipunguza anaandika kwamba chenji iko kwake. Noti zinabaki kubwa, lakini hakuna shilingi inayopotea.

Daftari hilo ni namba moja tu ya ziada. Hii hapa programu nzima:

```c
float jumla = 0.0f, chenji = 0.0f;

/* kila sekunde: */
float y = mtiririko - chenji;
float t = jumla + y;
chenji = (t - jumla) - y;
jumla = t;
```

Mstari wa kwanza unaondoa chenji ya jana kwenye malipo ya leo. Wa pili unajumlisha, na hapa ndipo kompyuta inapokadiria na kupoteza. Wa tatu ndio wenye ujanja: `t - jumla` ni kile kilichoongezwa kweli, na `y` ni kile kilichopaswa kuongezwa. Tofauti yao ndiyo kosa, na tunaiweka mfukoni kwa ajili ya sekunde ijayo. Kutoa huku hakupotezi kitu, kwa sababu `t` na `jumla` ziko karibu karibu na tofauti yao ni namba ndogo inayoenea kwenye biti 24 bila shida.

Tuufuate kwa mkono. Jumla ni 4,294,967,296, pale ambapo pengo ni 512, na chenji ni sifuri. Mtiririko ni 150.

Sekunde ya kwanza: `y` ni 150. Jumla haisogei. Kilichoongezwa ni 0, kilichotakiwa ni 150, kwa hiyo chenji ni 0 - 150 = -150. Hasi maana yake tunadaiwa.

Sekunde ya pili: `y` ni 150 - (-150) = 300. Sasa 300 ni zaidi ya nusu ya 512, kwa hiyo jumla inaruka hadi 4,294,967,808. Kilichoongezwa ni 512, kilichotakiwa ni 300, chenji ni 212. Tumezidisha, na tumeandika.

Sekunde ya tatu: `y` ni 150 - 212 = -62. Jumla haisogei. Chenji ni 0 - (-62) = 62.

Sasa tukague. Maji ya kweli ya sekunde tatu ni 450. Jumla imeongezeka 512, na daftari linasema tumezidisha 62. 512 toa 62 ni 450. Hakuna hata mita moja ya ujazo iliyopotea, ingawa kila namba kwenye kisanduku bado ni `float` ya baiti 4.

Niliporudia mwaka mzima wa mto wa kubuni kwa njia hii, jumla ya mwisho ilitofautiana na 4,730,400,000 kwa 256 tu, na 256 hizo zilikuwa zimeandikwa kwenye chenji. Kumbuka hilo: jumla yenyewe haiwezi kuwa sahihi kuliko alama za rula. Ukitaka jibu kamili tuma zote mbili, jumla na chenji, halafu seva itoe moja kwa nyingine kwa `double` ya kweli. Ndivyo nilivyofanya. Baiti 4 za ziada kwa siku hazikumfilisi mtu.

Kompaila mwerevu kupita kiasi

Nikapeleka programu mpya, nikasubiri siku mbili. Jumla ikabaki imenata!

Safari hii kosa lilikuwa langu pia. Nafasi kwenye chipu ilikuwa ndogo, na miezi mingi nyuma nilikuwa nimeweka `-ffast-math` kwenye `Makefile` nikitumaini kubana programu. Amri hiyo inaipa kompaila ruhusa ya kuzichukulia namba za nukta inayoelea kama namba za darasani. Na kwa hesabu ya darasani, chenji yangu ni hii:

```
chenji = ((jumla + y) - jumla) - y = 0
```

Mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza angeifuta. Kompaila nayo ikaifuta, pamoja na daftari lote, ikanirudishia mwenye duka mjinga. Haikunionya, kwa sababu mimi ndiye niliyeiruhusu.

Namna ya kugundua ni rahisi, na tangu siku hiyo naiweka katika kila programu ya aina hii. Anza na jumla ya 16,777,216, uongeze 1 mara elfu moja kupitia njia yako ya fidia, kwenye chipu yenyewe na kwa amri zile zile za kompaila utakazotumia kazini. Ukipata 16,778,216 daftari lipo. Ukipata 16,777,216 daftari limetupwa. Mimi nilikuwa nimejaribu kwenye kompyuta yangu tu, ambako amri hiyo haikuwepo.

Njia hii inaishia wapi

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani amepata dawa ya kila kitu. Njia ya Kahan inategemea jumla kuwa kubwa kuliko kinachoongezwa. Ikitokea kinachoongezwa ndicho kikubwa, kinachopotea ni tarakimu za jumla ya zamani, na daftari halizioni. Jaribu kujumlisha 1, kisha 1e100, kisha 1, kisha -1e100. Jibu ni 2, lakini Kahan anatoa 0. Mwaka 1974 Neumaier alirekebisha kwa kuangalia kwanza ni namba ipi kubwa kati ya hizo mbili ndipo ajue kosa liko upande gani. Kwa mto, ambao maji yake hayawi hasi na jumla yake inaanzia sifuri, Kahan anatosha. Kwa hesabu za benki zenye kuingia na kutoka, mtumie Neumaier.

Kama unatumia Paithoni kuna `math.fsum`, inayotoa jibu lililokadiriwa mara moja tu mwishoni. Tangu toleo la 3.12 la mwaka 2023 hata `sum` ya kawaida inajumlisha namba hizi kwa fidia. Kwa hiyo huenda tayari unatumia daftari bila kujua.

Na ukiniuliza kama ningefanya vivyo hivyo leo, nitakwambia ukweli. Ningeifuta jumla kila usiku na kutuma jumla ya siku moja. Mtiririko wa 150 kwa siku nzima ni 12,960,000, chini ya 16,777,216, na hapo alama za rula hazijaanza kuachana. Seva ingejumlisha siku kwa siku. Au ningehesabu lita kwa namba kamili za biti 64. Lakini kisanduku kilikuwa tayari Garsen, mpangilio wa ujumbe ulikuwa tayari umekubaliwa, na njia iliyohitaji mabadiliko madogo kabisa ilikuwa hiyo ya mistari minne.

Rafiki yangu mmoja alinicheka. Alisema jedwali la wapimaji lenyewe linaweza kukosea kwa asilimia kadhaa, hasa kwenye mto kama Tana unaobeba tope na kubadilisha kitanda chake kila mafuriko, sasa unahangaikia chenji ya nini? Nilimjibu kwamba jedwali likikosewa, mwakani wapimaji watapima upya na tutasahihisha. Chenji ikitupwa hakuna wa kuisahihisha. Nilijua hilo kwa uchungu, kwa sababu zile wiki za Agosti na Septemba tulilazimika kuzikisia kutokana na kina cha saa sita mchana cha kila siku, kipimo kimoja badala ya 86,400. Kwenye jedwali lililorudi kwa wenyewe tuliziwekea alama kwamba ni makisio.

Nilirudi Garsen mwenyewe kulieleza hilo jedwali. Nilikuwa nimejiandaa na michoro, lakini nilipofika kwenye biti 24 niliona macho ya watu yanaanza kulegea, nikaacha. Nikawaambia mashine ilikuwa inakula chenji. Yule mzee akauliza, "Chenji ya miezi mingapi?" Nikamwambia wiki tatu tumeiona ikinata, lakini tangu Juni ilikuwa ikikosea kidogo kidogo. Akatikisa kichwa, akamgeukia jirani yake, akasema, "Basi hawakufunga maji. Ni daftari." Kisha akanitaka niiandike hiyo kwenye karatasi ile ile iliyosomwa mara ya kwanza, na tarehe, na jina langu chini. Nikaandika.